Majani tunayo, jina bado: Rungwe Gold, Thamani au Umande?

Mshauri, shikamoo. Mimi na dada yangu tuko Tukuyu. Tunanunua chai nyeusi kiwandani, tunaichanganya na tangawizi na mchaichai tunaoukausha wenyewe, kisha tunafungasha gramu 50, 100 na 250. Mpaka sasa tumekuwa tukiuza kwenye mifuko isiyo na jina kwa majirani na kwa mama ntilie wa stendi. Sasa tunataka kuingia maduka ya Mbeya, na Mungu akijalia tufike Dar. Mchapaji wa vifungashio anataka jina wiki hii ili aanze kazi. Dada anataka Rungwe Gold, anasema lina sura ya kimataifa. Mimi napenda Thamani. Mpwa wetu anang'ang'ania Chai ya Kweli, na mama yetu anasema tuite Umande. Tulipofungua akaunti ya benki tulisajili BRELA jina la biashara Umande Tea Packers, na cheti tunacho. Dada anasema kwa cheti hicho, hata tukichagua Umande hakuna wa kutugusa. Ni kweli? Na tutajuaje kama jina litakaa midomoni mwa watu?

Wafungashaji, Tukuyu

Marahaba, wanangu. Kwanza mpigieni simu mchapaji, mwambieni asubiri. Vifungashio vya plastiki vinavyochapwa kwa silinda vina gharama ambayo wengi huijua wakiwa wamekwisha lipa: kila rangi huchongewa silinda yake. Paketi yenye rangi tano ina silinda tano, na jina la chai kwa kawaida limepita kwenye rangi zaidi ya moja. Mkibadilisha jina baadaye, hamlipii wino tu, mnalipia kuchonga upya. Kwa hiyo miezi hii ya mwanzo nunueni mifuko mitupu ya khaki yenye zipu, mchapishe stika kidogo kidogo, muendelee kuuza. Haitapendeza kama paketi ya kiwandani, lakini stika iliyokosewa hubanduliwa ikabandikwa nyingine.

Sasa swali la dada. Cheti chenu ni halali, ila kinalinda kitu tofauti na anachokifikiria. Jina la biashara linamtambulisha anayefanya biashara: ni nani mwenye akaunti, ni nani anatoa risiti, nani adaiwe. Jina linalokaa mbele ya paketi, lile analolitaja mteja, kisheria ni alama ya biashara, na lina daftari lake chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma. Madaftari yote mawili yako BRELA na yote mnayafikia kwa mtandao kupitia `ors.brela.go.tz`, ndiyo maana watu huyachanganya. Lakini kampuni yenye jina jingine kabisa, tuseme ya wenye ghala Tanga, inaweza kuwa imesajili neno Umande kama alama ya chai, nanyi msilione popote mlipokuwa mnasajili jina la biashara. Siku paketi zenu zikionekana dukani, barua ya wakili wao haitauliza kama mna cheti cha jina la biashara. Itawataka mziondoe.

Lakini kabla ya kwenda kwenye daftari, pitisheni majina yenu manne mdomoni. Kazi hiyo haina ada, na itawapunguzia majina ya kupekua.

Nianze na la mpwa wenu, kwa sababu ndilo litakalowaumiza haraka zaidi. Mpwa ana nia njema, lakini namshangaa kidogo, maana yeye kwa umri wake ndiye angepaswa kulijua hili. Kwa vijana wa Tanzania siku hizi chai ni uongo. Mtu akisimulia kisa kisichoingia akilini, wenzake wanamwambia "hiyo chai". Sasa wawekeeni mezani paketi iliyoandikwa Chai ya Kweli muone wataisoma vipi: uongo halisi, uongo uliothibitishwa. Utani huo utasambaa bila nyinyi kulipia tangazo, ila utakuwa unawacheka. Ukivuka mpaka kwenda Kenya neno hilohilo lina mzigo mwingine, maana chai kule ni hongo pia, na Chai ya Kweli itapata wachekaji wapya. Si kwamba msitumie neno chai kwenye paketi. Lazima bidhaa ijulikane ni nini, na TBS watataka lebo iseme wazi kuwa ni majani ya chai yenye viungo. Ninachosema ni kwamba kila jina mlisome likiwa limeungana na neno chai, mbele na nyuma, kwa sauti, mbele ya kijana wa miaka ishirini.

Kuna kasoro ya pili kwenye jina hilo, nayo inagusa sheria. Kweli, safi, tamu, bora, asilia ni maneno ya kusifia bidhaa. Kila muuza chai ana haki ya kusema chai yake ni ya kweli, kwa hiyo msajili husita kumpa mtu mmoja neno ambalo wote wanalihitaji. Mtaniambia mbona Chai Bora ipo na inauzika. Ipo, na imekaa masikioni mwa watu miaka mingi kiasi kwamba leo ukilitaja dukani hupewi chai yoyote iliyo nzuri, unapewa hiyo. Miaka hiyo ndiyo imelifanya lijitenge na maneno ya kawaida. Anayeanza leo hana miaka hiyo mfukoni.

Thamani lako, mwandishi, lina sauti nzuri likitamkwa na mtu wa Unguja au Tanga. Tatizo ni kwamba hamuuzi Unguja, mnauza Mbeya. Sehemu kubwa ya bara sauti ya th hutoka kama s, na dh hutoka kama z. Wateja wengi watasema Samani, na samani ni makochi na vitanda. Angekuwa anakosea tu matamshi nisingejali, kwani muuzaji angemwelewa. Hapa kosa linazaa neno jingine lililo kamili, lenye maana yake, na hapo ndipo jina linapopotea. Mteja aliyelisikia redioni atakwenda kwenye simu aandike samani, atapata picha za makabati. Kwa sababu hiyohiyo ningewakataza Dhahabu, ingawa huko kosa ni dogo: Zahabu si neno jingine, kwa hiyo mtu atacheka kidogo na chai ataipata.

Kipimo hicho kitumieni pia kwa r na l. Tuna ndugu wengi ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi sauti hizo mbili, na si dhambi. Jina lenye r haliharibiki kwa kutamkwa kwa l, ila likigeuka neno jingine. Kura ikawa kula, mahari ikawa mahali. Kwa hiyo msiulize kama watu watakosea. Ulizeni wakikosea watatua wapi.

Rungwe Gold namwelewa dada kwa nini analitaka. Kericho Gold ya Kenya imeonyesha kwamba mji wa chai ukiunganishwa na neno la dhahabu unaweza kusimama rafuni. Lakini ndiyo hoja ya kuliepuka. Mtu aliyesimama mbele ya rafu ataona nyinyi mnafuata nyayo za wengine, na mwenye alama ya zamani anaweza kuuliza kwa nini mmekaa karibu naye hivyo. Upande wa Rungwe nao una mawili. La kwanza, Rungwe ni wilaya ya chai, na kila mkulima na kila kiwanda cha huko kina haki ya kuandika kwenye paketi kwamba chai yake imetoka Rungwe. Msajili anaweza kuwakubalia alama nzima kwa sharti kwamba hamdai umiliki wa neno Rungwe, na akiliondoa hilo pamoja na Gold, mnabaki na nini? La pili ni la msimu. Nyinyi wenyewe mnajua majani yanavyopungua baada ya mvua kuisha, kiangazi cha baridi kikiingia. Siku mtakapokosa mzigo Tukuyu na kulazimika kuchukua Mufindi au Njombe, paketi yenu itakuwa inasema uongo kuhusu chai ilikotoka, na alama inayodanganya kuhusu asili ya bidhaa ni tatizo mbele ya msajili na mbele ya mteja. Andikeni Rungwe nyuma ya paketi, kwa herufi ndogo, kwa mzigo ule ambao kweli umetoka huko. Jina lenyewe lisifungwe kwenye mahali.

Tumebaki na la mama. Umande lina silabi tatu, u-ma-nde, kila moja inaishia kwa irabu, mkazo unakaa katikati kama kawaida yetu, na hakuna th, dh, gh, r wala l ndani yake. Halina kistari wala ng' ya kusumbua mtu anayeandika kwenye simu. Linaleta picha, majani asubuhi kabla jua halijapanda, bila kuieleza chai yenyewe. Hapo ndipo jina zuri la bidhaa hukaa: linagusa bidhaa kwa mbali, kwa hiyo mteja analikumbuka na msajili haoni kama mnataka kujitwalia neno ambalo wauza chai wote wanalihitaji.

Lina doa moja, na nadhani mama analijua. Mtu aliyekimbia umande ni mtu ambaye hakusoma. Mtoto anayekwenda shule alfajiri analowa miguu kwa umande wa njiani, anayekataa kulowa amekimbia shule. Utani utakuja, hasa kutoka kwa walimu. Mimi naona doa hili linabebeka, kwa sababu msemo unamcheka anayekimbia umande, hauucheki umande. Anayekunywa hajakimbia. Mkipata mtu wa matangazo mwenye ulimi, hapo ana pa kuanzia. Tofautisheni na jina kama Ukungu, ambalo nina hakika kuna mtu atawapendekezea kwa kuwa Tukuyu kuna ukungu mwingi na linafanana na la mama. Ukungu ni ule wa milimani, na ni ule unaoota kwenye mkate uliolala. Kwa bidhaa inayoharibiwa na unyevu, hilo halibebeki hata kwa utani. Na Kibaridi, ambalo pia ni la huko kwenu, likiungana na chai litasikika kama chai baridi.

Haya, mmepata jina la kujaribu. Namna ya kulijaribu, msiwakusanye ndugu sebuleni mkauliza "mnalionaje?" Watu wetu wana adabu. Watasema zuri, na wengine watasema zuri sana kwa kuwa wameshaona sahani za pilau zinakuja. Jaribuni kwa kazi.

Chagueni watu kama kumi na wawili ambao hawajui mradi wenu, wenye lugha tofauti za nyumbani: Wanyakyusa wasizidi nusu, awepo Msukuma, Mkurya, mtu wa Pwani, na kama yupo Mmalawi wa Kasumulu, huyo pia. Mmoja mmoja, mpigieni simu akiwa mahali pa kelele, stendi au sokoni Mwanjelwa, mumwambie mara moja tu: "Ninunulie majani ya Umande, gramu hamsini." Kisha mwombeni awaandikie kwa ujumbe mfupi alichosikia. Msirudie, msitamke polepole. Msikilize mnachoandikiwa: Umande, Umandi, Mande, Omande. Makosa yakitawanyika, mmoja huku mmoja kule, ni kelele za stendi. Watu kadhaa wakikosea mahali palepale, jina lina ufa mahali hapo, na kila mwenye duka atautumbukia.

Jaribio la pili ni la dirisha. Maduka mengi mtakayouzia yana nondo mbele, mteja yuko nje na mwenye duka yuko ndani, redio inaimba. Wekeni paketi chache zenye stika kwa mwenye duka mmoja anayekubali, ziwe zimepangwa pamoja na chai nyingine, kisha mtumeni mtoto wa jirani akanunue kwa kutaja jina peke yake. Angalieni mwenye duka amenyoosha mkono wapi mara ya kwanza, na kama aliuliza "ipi?" Siku ya pili muulizeni yule mtoto jana alitumwa kununua chai gani. Mtoto asipokumbuka "Umande" lakini akasema "ile ya umande wa majani", mmeshinda, maana picha imekaa hata kama neno limetikisika. Akisema "ile ya mfuko wa khaki", jina bado halijafanya kazi.

Mnaweza kuona nimesema "majani ya Umande". Ndivyo mteja anavyoomba kwetu, na jina lazima likae sawasawa baada ya "majani ya". Andikeni na jinsi litakavyokuwa mtandaoni. `chaiumande` ina irabu tatu zimefuatana katikati, jicho linajikwaa na mtu anayesomewa kwa simu ataacha moja. `umandechai` inasomeka mara moja. Angalieni kama `umandechai.co.tz` iko wazi na kama jina hilohilo liko huru Instagramu na Feisibuku, mlichukue siku moja kila mahali, hata kama tovuti mtaijenga mwakani.

Sasa ndiyo muende kwenye daftari. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika karibu dunia nzima, na chai iko daraja la 30. Humohumo wamo kahawa, sukari, unga, mchele, biskuti, asali na viungo vya kusaga. Maana yake ni kwamba unga wa sembe unaoitwa Umande ungewazuia kwa nguvu zaidi kuliko mafuta ya kupaka yenye jina hilo, ambayo yako daraja la 3. Mkianza kudai kwamba tangawizi yenu inatibu kifua, mnaingia daraja la 5 la dawa, na huko mna wakaguzi wengine na masharti mengine. Kaeni kwenye kinywaji.

Ombeni upekuzi wa alama kabla ya kulipia maombi. Na hapa wengi hukosea kwa kutafuta herufi zilezile tu. Msajili akilinganisha alama mbili hutumia jicho, sikio na maana kwa pamoja. Kwa hiyo tafuteni Umande, Umandi, Umade, Mande, Umandeni. Tafuteni matone, na tafuteni neno la Kiingereza lenye maana ya umande, kwa kuwa paketi ya chai yenye jina hilo na picha ya tone juu ya jani inaweza kuonekana ni ndugu yenu. Hifadhi ya kimataifa iliyo kwenye `branddb.wipo.int` ni ya bure na inafaa kuangalia wa nje, lakini haichukui nafasi ya daftari la BRELA. Mkikuta kitu kinachofanana, msijifariji kwa kubadilisha herufi moja. Umandde bado ni Umande sikioni.

Upekuzi wa daftari haumalizi kazi, kwa sababu mtu anaweza kuwa anauza chai ya jina hilo bila kuisajili, na bado akawa na haki ya kupinga kwa kuwa alianza kulitumia kabla yenu. Huyo mnampata kwa miguu. Zungukeni Mwanjelwa na Soweto, mkipata mtu anayekwenda Kariakoo mpeni kazi ya kupiga picha rafu za chai na viungo. Halafu tafuteni mtandaoni. Mkiandika Umande mtakutana na Umande Trust ya Nairobi, shirika linalojulikana kwa vyoo vya jamii vinavyozalisha gesi ya kupikia huko Kibera. Kisheria vyoo na chai haviko daraja moja, na kwa mnunuzi wa Mbeya hilo si kitu. Kwa mnunuzi wa Nairobi linaweza kuwa jambo, kwa hiyo kama ndoto yenu ni Kenya, jaribio la simu mlirudie na Wakenya watatu wanne mkisikiliza kama kuna anayetaja vyoo. Siwaambii mliache jina. Nataka mlijue kabla ya mnunuzi wa supamaketi kuwaambia.

Daftari likiwa safi, ombeni neno UMANDE likiwa tupu, kwa herufi za kawaida, kabla ya nembo yenye tone na jani. Ukisajili nembo peke yake, ulinzi wako umejifunga kwenye mchoro huo, na siku mtakapobadilisha mchoro mtabaki mnabishana. Neno tupu linawafuata kwenye kila mchoro. Maombi yakipita kwa mkaguzi, alama hutangazwa kwenye jarida la BRELA, na kuanzia hapo kuna siku 60 ambazo yeyote anaweza kuweka pingamizi. Zikipita kimya mnaelekea kwenye cheti. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha mnahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Cheti hicho kinaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, na daftari lao. Mkipata oda ya hoteli Nungwi msidhani mmelindwa. Malawi vilevile, na nyinyi mko karibu na Kasumulu kuliko mlivyo na Dar, kwa hiyo ningeiweka Malawi mbele ya Zanzibar kwenye orodha yenu, mara tu mtakapoona magunia yanaanza kuvuka.

Muwe na jina la akiba lililopita majaribio yote ya mdomo kabla hamjafungua bahasha ya upekuzi, ili msije mkalazimisha Umande kwa uchovu. Mimi ningewapa Kikapu: silabi tatu, hakuna sauti ya kukosewa, mchumaji hubeba kapu mgongoni, na mchoraji yeyote anaweza kulichora. Udhaifu wake ni kwamba neno hilo linapendwa na wenye maduka na wauza vyakula mtandaoni, kwa hiyo upekuzi wake uwe mpana, na mwangalie pia daraja la 35 la huduma za kuuza. Na Kipupwe msilitamani, ingawa linasikika vizuri. Mtoto wa Nairobi ataishia kwenye silabi mbili za mwisho na kucheka.

Umande Tea Packers lenu mliache lilivyo. Linaweza kuendelea kuwa jina la biashara hata chai ikiitwa Kikapu, likikaa nyuma ya paketi pamoja na anwani, namba ya mzigo na tarehe za kufungasha na kuisha muda. Ila kama upekuzi utaonyesha kwamba Umande la chai lina mwenyewe, libadilisheni na hilo pia, kwa sababu likisomeka kwenye kila paketi mtakuwa mmelitumia kwa mlango wa nyuma. Mchapaji mpigieni tena siku zile 60 zikiisha bila pingamizi, na mumwombe msimbo wa mistari auchape kwenye nafasi itakayobadilika kwa ukubwa wa paketi, kwani gramu 50, 100 na 250 kila moja inahitaji namba yake.